Barabara ilimfuata nani? Hadithi ya mita 22.5 kutoka Bukoba mpaka Muleba

Jamani, nimekuwa kimya kidogo, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo nataka kuandika jambo ambalo gazetini huwa linapewa aya tatu na picha ya nyumba yenye alama ya X, halafu linasahaulika.

Safari hii nilishuka kwenye basi mahali fulani kati ya Muhutwe na Kagoma, nikaenda kumwona mzee mmoja rafiki wa marehemu babu yangu. Kabla hata sijamaliza kunywa maji akanipa ncha moja ya futikamba. "Mwanangu, wewe umesoma. Shika hapa, mimi niende barabarani." Nikashika ukutani. Yeye akatembea polepole na fimbo yake mpaka kwenye ukingo wa lami, akasimama, akaniuliza ni ngapi. Nikamwambia, "Tata, usisimame hapo, nenda mpaka katikati." Akaona nimechanganyikiwa. Kwa nini mtu aende kusimama katikati ya magari? Nikaona hapo ndipo tatizo zima linapoanzia, kwa hiyo nami naanzia hapo.

Sheria ya barabara zetu haipimi kutoka ukingo wa lami wala kutoka mtaroni. Inapima kutoka mstari wa katikati ya barabara. Kwa barabara kuu, kama hii inayotoka Mutukula, inapita Bukoba, Kemondo, Muhutwe, Kagoma na Muleba, kisha inashuka Biharamulo hadi Lusahunga, kipimo kilichotumika kwa miaka mingi kilikuwa mita 22.5 kila upande. Msingi wake ni sheria ya barabara kuu ya mwaka 1932, sheria ya mkoloni, iliyokuja kurekebishwa kwa tangazo la serikali namba 161 la mwaka 1967. Ardhi iliyo ndani ya mita hizo inaitwa hifadhi ya barabara, na aliyejenga ndani yake anahesabiwa kuwa mvamizi. Mvamizi halipwi fidia.

Kisha Bunge likatunga Sheria ya Barabara namba 13 ya mwaka 2007, na kanuni zake zikatoka mwaka 2009. Hifadhi ikaongezwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Mita 7.5 zikaongezeka kila upande wa barabara, usiku mmoja, kwenye karatasi. Waliokuwa majirani wa barabara wakaamka wakiwa ndani ya hifadhi bila kusogea hata hatua moja. Hawa serikali iliwakubali kuwa si wavamizi. Ndiyo maana kukawa na X mbili. X nyekundu ni ya aliye ndani ya mita 22.5: bomoa mwenyewe, hakuna malipo. X ya kijani ni ya aliye kati ya 22.5 na 30: utalipwa siku eneo lako litakapohitajika. Watu wengi wanaona X tu na moyo unawaruka, bila kuuliza rangi. Lakini rangi ndiyo kesi yenyewe.

Sasa turudi nyuma, maana hii ni historia na si tangazo la wakala wa barabara.

Katika lugha ya maofisa wetu kuna usemi mmoja: kuna watu waliofuatwa na barabara, na kuna walioifuata barabara. Aliyefuatwa na barabara anastahili fidia hata kama leo yuko mita kumi kutoka katikati, kwa sababu yeye alikuwepo kwanza. Aliyeifuata hana lake. Ni kipimo cha haki kabisa kwenye maneno. Tatizo ni kuthibitisha, na kwa huku kwetu Kagera tatizo hilo lina sura yake.

Kibanja cha Mhaya si shamba la juzi. Migomba ilikuwepo hapa kabla Mjerumani hajajenga boma lake Bukoba mwaka 1890. Udongo wa kibanja umetengenezwa kwa mikono, kwa nyasi zilizobebwa kutoka rweya na samadi ya ng'ombe, kizazi baada ya kizazi. Nyumba iko katikati ya migomba, kahawa zimechanganywa humohumo, na makaburi ya wazee yako nyuma ya nyumba au pembeni yake. Njia za zamani zilipita kati ya vibanja. Baadaye njia hizo zikapanuliwa zikawa barabara za magari, kisha za changarawe, kisha lami. Lami ya Mutukula hadi Muhutwe ni ya miaka ya mwanzo ya 2000, na kipande cha Kagoma hadi Lusahunga, kilomita 154, kilifunguliwa mwaka 2013. Kwa hiyo sehemu nyingi kati ya Bukoba na Muleba, kama swali ni nani alimfuata nani, jibu la kweli ni kwamba barabara ndiyo iliyokuja kubisha hodi.

Lakini jibu la kweli na jibu lenye karatasi ni vitu viwili. Mwenye kibanja anamiliki kwa mila, hana hati. Mahakama ya Rufani ilishalimaliza suala hilo mwaka 1994 katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliposema haki ya kutumia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Kwa hiyo kukosa hati si hoja ya kumnyima mtu. Hoja inabaki tarehe. Ulikuwepo kabla ya hifadhi, au ulikuja baadaye?

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza. Mzee wangu alipoulizwa ushahidi alimtaja jirani yake, ambaye naye ni mzee wa miaka themanini na kitu. Ushahidi wa mdomo si bure, lakini Kagera tuna vitu vizuri zaidi ambavyo hatuvifikirii. Kuna daftari na stakabadhi za kahawa za chama cha msingi, tangu enzi za ushirika wa BCU kabla haujawa KCU. Aliyeuza kahawa mwaka 1964 alikuwa na mibuni mwaka 1964. Kuna makaburi yenye tarehe juu ya saruji. Kuna risiti za kodi. Kuna hukumu za mahakama za mwanzo, maana sisi Wahaya tunajulikana kwa kupelekana mahakamani kwa ajili ya mpaka wa kibanja, na kwa mara ya kwanza ugomvi wa babu zetu unaweza kuwa na faida: hukumu inaeleza mpaka, majina na mwaka. Na kuna ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, zilizochorwa kutokana na picha za anga, ambazo zinaonyesha barabara ilipita wapi wakati huo.

Hiyo ramani ni muhimu kwa sababu ya ujanja mmoja ambao sidhani kama siku zote ni ujanja. Mara nyingine ni uzembe tu. Barabara ikijengwa upya hainyooki palepale ilipokuwa. Kona inapunguzwa, kilima kinakatwa, mstari wa katikati unahama mita mbili, tatu, hata zaidi. Kisha mtu anakuja na futi yake, anasimama katikati ya barabara mpya au mstari mpya wa mchoro, anapima 22.5 na kupaka nyekundu. Lakini hifadhi ya 1967 ilikuwa ya barabara ya zamani. Mtu ambaye alikuwa nje ya 22.5 ya zamani hawezi kugeuka mvamizi kwa sababu mhandisi amesogeza mstari.

Ngoja niwape hesabu, nimeibuni mwenyewe kwa kalamu lakini kanuni zake ni za kweli. Mama mmoja mjane ana kibanja chenye upana wa mita 40 kando ya barabara. Migomba yake inaanza mita 18 kutoka katikati. Ukuta wa mbele wa nyumba uko mita 24, wa nyuma mita 31. Ukipima sawasawa, kipande cha kati ya 18 na 22.5 kiko ndani ya hifadhi ya zamani, na hapo atalipwa tu akithibitisha kwamba barabara ilimfuata. Kipande cha kati ya 22.5 na 30 ni X ya kijani: mita 7.5 mara 40, yaani mita za mraba 300. Nyumba inakatwa na mstari wa mita 30, lakini nusu ya nyumba haikaliki, kwa hiyo inatakiwa ithaminiwe nzima.

Tuseme ardhi ile ni shilingi 2,000 kwa mita ya mraba: 600,000. Nyumba imethaminiwa 12,000,000. Migomba na mibuni, iliyohesabiwa shina kwa shina kwa bei za jedwali la mazao, 900,000. Jumla 13,500,000. Juu ya hapo kanuni za fidia za mwaka 2001 zinampa posho tatu. Posho ya usumbufu inafuata wastani wa riba ambayo benki za biashara zinatoa kwa amana za miezi 12. Tukichukua asilimia 7 ni 945,000. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa kilomita 20. Kwa shilingi 1,000 kwa tani kwa kilomita ni 240,000. Posho ya makazi ni kodi ya nyumba ya hadhi ile kwa miezi 36. Kwa 40,000 kwa mwezi ni 1,440,000. Mama anatakiwa kupata 16,125,000.

Sasa msogeze mhandisi mita 3 kuelekea kwake. Mstari wa 22.5 unaangukia pale palipokuwa 25.5. Ukuta wa mbele uko 24. Nyumba imeingia ndani ya nyekundu kwa mita moja na nusu. Milioni 12 zimeondoka, na posho ya makazi na ya usafiri zimeondoka nazo, kwa sababu posho hizo hazilipwi kwa ardhi isiyokaliwa. Anabaki na kipande cha ardhi, mazao na usumbufu kidogo. Hatua tatu za mtu mzima zimekula nyumba. Na ukienda kumuuliza anakwambia "waliniambia niko ndani", basi. Hajui aulize ndani ya mstari upi.

Utajuaje kama mstari umehama? Tafuta makalvati ya zamani yaliyobaki porini, mtaro uliofukiwa, nguzo za zege za hifadhi zilizowekwa zamani, miti iliyopandwa kwa safu. Piga picha kabla greda halijapita. Baada ya greda hakuna wa kukuamini.

Tuje kwenye malalamiko yenyewe. Siku ya uthamini huja mthamini, mtendaji wa kijiji au mtaa, na mwenyekiti. Mwenye mali anatakiwa awepo, mali ihesabiwe mbele yake, fomu ijazwe, asaini. Wengi wanasaini fomu ambayo haijajazwa idadi, kwa sababu mvua inanyesha au mgeni ana haraka. Mzee wangu alisaini hivyo. Saini ile inamaanisha amekubali hesabu, na kesho akisema mibuni ilikuwa 46 si 26 ataonyeshwa mkono wake mwenyewe. Anayeandika idadi yake kwenye karatasi jioni ile, akapiga picha ya fomu kwa simu, tayari yuko mbele ya wenzake wote wa kijiji.

Kwenye miradi ya fedha za wakopeshaji wa nje, kama Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika, huundwa kamati za malalamiko, kuanzia kijiji, halafu kata, halafu mradi na wilaya. Lalamiko linaandikwa kwenye daftari, linapewa namba na siku ya kujibiwa. Nimeona watu wanazidharau kamati hizi na wengine wanazitegemea kupita kiasi. Ukweli uko kwenye uwezo wake. Kamati inaweza kusahihisha jina, idadi ya migomba, kipimo, mali iliyosahaulika, mke aliyeachwa nje ya orodha. Haiwezi kupandisha bei ya mgomba, kwa sababu bei zinatoka kwa Mthamini Mkuu wa Serikali naye ndiye anayeidhinisha taarifa ya uthamini. Na haiwezi kufuta mita 22.5, maana hizo zimewekwa na sheria. Mtu anayepeleka lalamiko la bei kwenye kamati ya kijiji anapoteza miezi, na miezi ndiyo inayomuua.

Wakopeshaji hao wana tofauti nyingine na sheria yetu, na watu wa huku hawaambiwi. Masharti yao yanataka jengo lilipwe kwa gharama ya kujenga jipya, bila kukata uchakavu, na yanataka hata asiye na haki ya ardhi alipwe jengo lake. Wathamini wetu kwa kawaida wanakata uchakavu. Ile nyumba ya mama ya milioni 12 huenda kuijenga upya ni milioni 20, lakini ni ya matofali ya zamani, imezeeka, ikakatwa. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kwenye mkutano wa kijiji lingekuwa: fedha hizi ni za nani? Jibu linaweza kumtoa mtu kwenye nyekundu.

Kamati ikishindwa, kuna mahakama. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inasema msipokubaliana fidia ndani ya wiki sita, shauri linaweza kufunguliwa Mahakama Kuu. Watu wanakimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa sababu liko karibu, halafu wanaambiwa halina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi ya serikali. Wengine wanafika Mahakama Kuu Bukoba lakini hawakutoa notisi ya siku 90 wala kumuunganisha Mwanasheria Mkuu, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 hilo linahusu hata wakala na halmashauri. Kesi inatupwa nje bila hata mtu kuuliza kibanja kilikuwa wapi.

Kuna na kusubiri. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imesaidia kidogo: uthamini ulioidhinishwa unaishi miaka miwili, malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita yanadaiwa riba, na miaka miwili ikipita bila malipo uthamini unafanywa upya. Kabla ya hapo mtu alikaa na X ukutani mwaka hadi mwaka, hathubutu kuezeka wala kupanda mgomba mpya. Riba hiyo haiji yenyewe. Inabidi idaiwe kwa barua yenye tarehe ya kuidhinishwa, na tarehe hiyo wanakijiji wengi hawajawahi kuambiwa.

Mambo mawili ya kwetu nisiyaache. La kwanza ni nani anasaini. Kibanja ni cha ukoo, na ukoo ukisikia harufu ya fidia hukusanyika hata walioondoka zamani. Mwanamke aliyerithi huambiwa akae pembeni. Lakini jambo hili liliamuliwa kutokana na kesi iliyoanzia hapahapa Muleba, Mahakama ya Mwanzo Kashasha, ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Mama aliuza mwaka 1988 kibanja alichorithi kwa baba yake, mpwa akapinga kwamba mwanamke wa Kihaya hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mwanamke ana haki ileile ya mwanaume. Kama anaweza kuuza, anaweza kusaini fomu ya fidia na kuandikwa akaunti yake ya benki. Kamati ikiletewa mzozo huu iulizwe inajua hukumu hiyo au la.

La pili ni makaburi. Yana sheria yake, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na fidia yake haihusu bei ya ardhi. Inahusu gharama halisi za kufukua, kusafirisha, kuzika upya, na pia ibada au matambiko ya kutuliza. Hilo la mwisho limeandikwa kwenye sheria, lakini familia nyingi haziombi kwa sababu zinaona aibu kumtajia mthamini mambo ya mizimu, na wengine padri yuko karibu. Makaburi yahesabiwe siku ileile ya uthamini, hata lile lisilo na saruji, lenye mawe tu au mmea uliopandwa kama alama. Greda halitambui alama hiyo.

Nikarudi kwa mzee. Safari ya pili nilikwenda mimi katikati ya barabara, kijana wa bodaboda akazuia magari kwa mkono, mzee akashika ukuta. Mita 23 na sentimita 40. Tukapima tena, ileile. Ukutani kwake palikuwa na X nyekundu. Nikamuuliza kama barabara ya zamani ilipita palepale. Akaniongoza upande wa pili, chini ya mikaratusi, akanionyesha kalvati la mawe limeota nyasi. Tukapima kutoka kalvati hadi katikati ya lami ya leo: mita 4 na kidogo. Kwa barabara ya zamani yuko zaidi ya mita 27.

Akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kahawa za baba yake, nyingine zimeliwa na mchwa, moja inasomeka vizuri: 1961. Nikazipiga picha zote, nikamwandikia barua kwa katibu wa kamati, nakala kwa mtendaji wa kata. Mpaka naandika haya hajajibiwa. Siku ya kujibiwa iliyoandikwa kwenye daftari ni Ijumaa ijayo, na nimeomba ruhusa kazini niende naye.